Kisima Kipimwe Kabla ya Pampu

Katika vilima vya Kasulu na Kibondo twaona vijito vingi, hata tukadhani maji yametanda kila mahali chini ya nchi. Sivyo. Mengi yamo katika nyufa za mwamba. Kisima kimoja chaweza kutoa maji tele, na kingine kilicho hatua 50 kutoka hapo kikawa kikavu.

Kwa hiyo mahali hapachaguliwi kwa kuwa karibu na kanisa wala na nyumba ya mkubwa. Mpimaji huchomeka vyuma vinne ardhini na kupitisha nguvu ya umeme. Penye mwamba wenye nyufa na maji, umeme hupita kwa urahisi. Lakini hata udongo wa mfinyanzi huupitisha vivyo hivyo, ndiyo maana dalili hiyo peke yake yaweza kudanganya. Tena vyoo viwe mbali, wala visiwe upande wa juu wa mteremko.

Mtambo uchimbapo, unga wa mawe hutazamwa kila meta, ili mabomba yenye matundu yawekwe penye maji hasa. Sehemu ya juu huzibwa kwa saruji, maji machafu yasiingie.

Hapo maji huruka juu kwa nguvu ya upepo wa mtambo, na watu hushangilia. Yatupasa kungoja, kwa maana mruko huo hauonyeshi kisima kitatoa nini siku zote. Tutoe mfano. Kisima kina kina cha meta 80, na maji yametulia kwenye meta 14. Wakivuta lita 1,000 kwa saa, maji yashuka mpaka meta 17. Wakivuta 2,000, mpaka 21. Wakivuta 3,000, yaanguka mpaka 36. Nyongeza ni ile ile, lakini mshuko wa tatu umezidi mno: nyufa zimeshindwa kuleta maji upesi.

Basi huvuta lita 2,000 kwa saa, mchana na usiku, muda wa saa 24. Maji yakitulia kwenye meta 26, kisha pampu ikisimama yakarudi karibu na 14, kisima ni chema. Yakizidi kushuka, au yakikataa kurudi, akiba yake ni ndogo. Kipimo cha mwisho wa kiangazi ndicho cha kuaminiwa zaidi.

Kwa saa 8 kisima hicho chatoa lita 16,000. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kila siku. Basi chatosha watu 640. Kijiji kikiwa na watu 1,500, dawa si pampu kubwa, kwa sababu itamaliza maji, ivute hewa, iungue, na michango ya nyumba zetu ipotee. Kitafutwe kisima kingine.

Basi, wazee na walimu, kabla ya kutoa fedha ya pampu, ombeni kuonyeshwa karatasi ya vipimo hivyo, pamoja na cheti cha maji yaliyopimwa maabara.