Safari ya Pakiti Moja Kutoka Dodoma Hadi Frankfurt

Mtu anapofungua tovuti kwenye simu, pakiti ya kwanza kutumwa kwa seva haibebi picha, maandishi wala hata ombi la ukurasa. Kwa kawaida ina baiti 60 tu, na kazi yake ni kuiambia seva kwamba simu inataka kuanza mazungumzo. Mafundi huiita SYN. Inayofuatwa hapa inatoka kwenye simu iliyounganishwa na waifai ya ofisi moja mjini Dodoma, na seva inayokwenda iko Frankfurt, Ujerumani. Namba za intaneti zilizotumika kwa ofisi na seva ni zile zilizotengwa kwa mifano.

Simu imekwisha kuuliza jina la tovuti lina anwani gani, ikajibiwa `198.51.100.10`. Basi inaiandika pakiti: imetoka `192.168.1.23`, mlango namba 51514, inakwenda `198.51.100.10`, mlango namba 443, ambao ndio mlango wa kawaida wa tovuti zenye usalama. Inaongeza na namba nyingine ndogo, 64, iitwayo TTL. Namba hiyo itapungua njiani, na ndiyo itakayosimulia pakiti imepita wapi.

Simu inajua kwamba seva haimo katika mtandao wa ofisi, kwa hiyo pakiti lazima ikabidhiwe rauta, yenye anwani `192.168.1.1`. Tatizo ni kwamba mawimbi ya waifai hayafuati anwani za IP. Yanafuata namba ya MAC, ambayo kila kifaa cha mtandao kinayo. Simu inatangaza kwa vifaa vyote vya ofisi: mwenye `192.168.1.1` ni nani? Rauta inajibu kwa kutaja namba yake ya MAC, na simu inaihifadhi kwa muda ili isiulize kila mara. Ndipo pakiti inafungwa ndani ya fremu. Hapa wengi huchanganya mambo, kwa sababu kuna anwani mbili kwa pamoja: fremu ya nje imeandikwa rauta ya hapo ofisini, na pakiti iliyomo ndani imeandikwa Frankfurt. Fremu itavuliwa na kuvalishwa upya kila kituo. Pakiti itabaki ileile, isipokuwa sehemu chache.

Kifaa cha waifai kilichofungwa darini kinaipokea fremu na kuipitisha kwenye waya hadi kwenye swichi. Swichi haishughuliki na Frankfurt kabisa. Inasoma MAC tu. Ilikwisha kujifunza, kwa kutazama fremu zilizopita, kwamba rauta iko kwenye tundu namba 1, na pia kwamba simu hii inapatikana upande wa tundu namba 7. Fremu inatoka kwenye tundu namba 1 peke yake. Kama swichi isingejua rauta iko wapi, ingemwaga fremu kwenye matundu yote mengine na kusubiri jibu limfunulie. TTL bado ni 64, maana swichi haiigusi.

Rauta ndiyo ya kwanza kuifungua fremu na kusoma pakiti yenyewe. Inapunguza TTL hadi 63, kisha inafanya jambo ambalo simu haina habari nalo: inabadilisha anwani ya mtumaji. `192.168.1.23` ni anwani ya ndani, inayotumika katika nyumba na ofisi nyingi duniani kwa wakati mmoja, na hakuna rauta ya nje itakayoweza kurudisha jibu huko. Kwa hiyo rauta inaweka anwani ya hadharani ya ofisi na kuandika katika jedwali lake:

```
192.168.1.23:51514  ->  203.0.113.7:40212
```

Jibu litakapofika mlango namba 40212, rauta itasoma mstari huo na kujua ni la simu ipi. Mstari ukifutika kabla jibu halijafika, jibu litatupwa mlangoni.

Kutoka hapo pakiti inaingia kwa mtoa huduma, na inapita rauta baada ya rauta. Hakuna hata moja inayoijua njia nzima ya kwenda Frankfurt. Kila rauta inatafuta katika jedwali lake kundi la anwani linalofanana zaidi na anwani iandikwayo, inachagua jirani wa kumkabidhi, inapunguza TTL kwa moja, basi. Rauta kubwa zinazounganisha kampuni za intaneti hubeba majedwali yenye makundi zaidi ya 900,000, yanayojazwa na matangazo ambayo kampuni hizo hupeana zenyewe. Wakati mwingine majedwali hukosewa, rauta mbili zikawa zinarudishiana pakiti moja. Bila TTL ingezunguka bila kikomo. Ikifika sifuri, rauta iliyoishika inaitupa na kumtumia mtumaji taarifa. Amri ya `traceroute` hutumia ujanja huo: inatuma pakiti zenye TTL 1, kisha 2, kisha 3, na taarifa zinazorudi zinataja rauta za njiani, moja baada ya nyingine. Nyota zinazotokea badala ya jina si lazima ziwe hitilafu, kwani rauta nyingi zimepangwa zisijibu.

Dar es Salaam pakiti inageuzwa kuwa mwanga na kuingia kwenye mkongo wa baharini. Njia ya kaskazini inapita Mombasa, Djibouti, Bahari ya Shamu na Misri hadi Marseille, kisha nchi kavu hadi Frankfurt. Yote kwa pamoja ni karibu kilomita 10,000. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda peke yake ni milisekunde 50, na kwenda na kurudi 100. Hakuna bando la bei yoyote linaloweza kushusha kiasi hicho. Muda unaozidi hapo hutokana na waifai, mizunguko ya njia na foleni ndani ya rauta.

Foleni hizo ndizo zilizowatesa wengi Mei 2024. SEACOM ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu Februari mwaka huo, kisha tarehe 12 Mei SEACOM na EASSy zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia zilizobaki zilielemewa. Rauta inapojaa haimwombi mtu radhi: pakiti isiyopata nafasi hutupwa kimyakimya. Simu ikikosa jibu hungoja sekunde 1 na kutuma SYN nyingine, kisha hungoja 2, kisha 4. Ndiyo maana mtandao ulioelemewa huonekana kukwama kwa vipindi badala ya kufa moja kwa moja.

Pakiti yetu imefika salama, ikiwa na TTL 51, maana imepita rauta 13. Seva inavua fremu ya mwisho, inathibitisha kwamba anwani ni yake, inatazama mlango 443 na kukuta programu ya tovuti inasikiliza. Kama hakuna programu inayosikiliza, seva hurudisha kukataa papo hapo na kivinjari huonyesha `ERR_CONNECTION_REFUSED`. Ngome ya usalama ikiitupa pakiti bila kujibu, simu itasubiri muda mrefu hadi ione `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Fundi anayejua tofauti hiyo hatafuti hitilafu mahali pamoja katika hali zote mbili.

Seva inatengeneza pakiti mpya ya kukubali na kuielekeza `203.0.113.7`, mlango 40212. Pakiti hiyo inaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, kwa kuwa rauta za huko zina majedwali yao. Simu ikishaipokea itathibitisha, pande mbili zitakubaliana namna ya kuficha maandishi, na ndipo ombi la ukurasa litakapotumwa.