9/21: Jibu Sahihi Ambalo Halijaisha

Dukani hakuna mteja anayeomba sukari gramu 750 kati ya 1000. Husema, "Nipimie robo tatu," na muuzaji anaelewa mara moja. Kauli hiyo fupi ni hesabu iliyokwisha kufanywa: 750 imegawanywa kwa 250 ikawa 3, na 1000 imegawanywa kwa 250 hiyo hiyo ikawa 4. Sukari haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni ukubwa wa namba zinazoitaja.

Darasani kazi hiyo huitwa kurahisisha sehemu, na karibu kila mtu aliyepita shule ya msingi ameifanya. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Namba inayozigawanya zote mbili bila baki ni kigawo cha shirika, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS. Mwanafunzi anatafuta KKS, anagawanya juu na chini, anaandika jibu. Ugumu haupo hapo. Upo katika swali linalofuata, ambalo mazoezi mengi hayaliulizi: je, jibu limefika mwisho?

Tuchukue 36/84. Mwanafunzi mwenye haraka anaona namba zote mbili ni shufwa, anagawanya kwa 2 na kupata 18/42. Bado ni shufwa, anagawanya tena na kupata 9/21. Sasa namba zote mbili ni witiri, ile 2 aliyoizoea haifanyi kazi tena, naye anaweka kalamu chini. Mwenzake aliyekaa dawati moja naye ameorodhesha vigawo. Vya 36 ni 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36. Vya 84 ni 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42 na 84. Vilivyomo katika orodha zote mbili ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. KKS ni 12, na jibu linatoka kwa hatua moja: 3/7.

Kwa nini kigawo kikubwa kinamaliza kazi papo hapo? Tuseme baada ya kugawanya kwa 12 bado pangebaki kitu cha shirika, kwa mfano 2. Hapo 36 na 84 zingekuwa zinagawika kwa 12 mara 2, yaani 24, na 12 isingekuwa tena kigawo kikubwa. Kwa hiyo hakuna kinachoweza kubaki. Yule wa kwanza aligawanya kwa 2 mara mbili, jumla ni kwa 4. Kutoka 4 kufika 12 panahitajika 3, na 3 hiyo ndiyo iliyojificha ndani ya 9/21.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu na mzazi wanapaswa kulitazama kwa makini. Jibu la 9/21 si la uongo. Njia ya kawaida ya kuhakiki kama sehemu mbili zina thamani moja ni kuzidisha kwa mkingamo: 36 mara 21 ni 756, na 84 mara 9 ni 756. Zinalingana. Mwanafunzi akihakiki kwa njia hii peke yake atajipa vema na kuendelea na swali la pili, akiamini amemaliza. Uhakiki huo unajibu swali moja tu, kwamba thamani haikubadilika. Hauwezi kusema kama sehemu bado inapunguzika. Majibu 18/42, 12/28, 9/21, 6/14 na 3/7 yote yanaupita bila shida.

Uhakiki wa pili ndio wenye uzito: je, kiasi na asili za jibu zina kigawo cha shirika zaidi ya 1? Kwa jibu dogo kama 3/7 macho yanatosha. Kwa majibu makubwa panahitajika njia, na wanafunzi wengi wana njia moja tu: kujaribu 2, kisha 3, kisha 5, halafu basi.

Njia hiyo hukwama mbele ya 51/68. Jaribu 2: 51 ni witiri, haigawiki. Jaribu 3: tarakimu za 51 zina jumla ya 6, kwa hiyo inagawika, lakini za 68 zina jumla ya 14, haigawiki. Jaribu 5: hakuna inayoishia na 0 wala 5. Mwanafunzi anaandika kwamba sehemu hii haipunguziki. Amekosea, na si kwa uvivu. Hakuna aliyemwonyesha pa kuangalia.

Pa kuangalia ni kwenye tofauti. Fikiria muuza nyanya sokoni mwenye nyanya 51 upande mmoja wa meza na 68 upande wa pili. Anataka kuzipanga zote kwa mafungu yaliyo sawa, pasibaki hata moja. Ikiwa 51 ni mafungu kamili na 68 ni mafungu kamili ya ukubwa ule ule, basi zile nyanya ambazo upande wa pili umezidi nazo lazima ziwe mafungu kamili pia. Zimezidi 17. Kwa hiyo ukubwa wa fungu lazima uigawanye 17, na 17 ni namba tasa: haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jaribio moja tu limebaki. 17 mara 3 ni 51, 17 mara 4 ni 68. Jibu ni 3/4.

Kanuni yenyewe ni fupi: kigawo chochote cha shirika cha namba mbili lazima kiigawanye tofauti yao. Tofauti ikiwa 1, kama katika 35/36, sehemu imekwisha bila kujaribu chochote. Tofauti ikiwa namba tasa, jaribu namba hiyo peke yake. Tofauti ikiwa namba nyingine, jaribu vigawo vyake tasa. Kwa 9/21 tofauti ni 12, ambayo vigawo vyake tasa ni 2 na 3. 2 inakataa, 3 inakubali, na kosa la yule mwanafunzi wa kwanza linaonekana kwa sekunde chache.

Wazo hili ni la kale sana. Wachina wa enzi ya Han waliliweka katika kitabu cha hesabu kiitwacho Sura Tisa, ambacho mtaalamu Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263. Katika sura yake ya kwanza mna maswali ya kurahisisha sehemu kama ya daftari la leo: 12/18, kisha 49/91. Maelekezo yake ni kwamba kama namba zote mbili zinagawika nusu, zigawe nusu. Kama hazigawiki, toa ndogo katika kubwa, urudie hivyo mpaka zilingane. Fuata kwa 49 na 91. Toa 49 katika 91, inabaki 42. Toa 42 katika 49, inabaki 7. Sasa toa 7 katika 42 hatua kwa hatua: 35, 28, 21, 14, 7. Zimelingana kwenye 7, na 7 ndiyo KKS. Sehemu inakuwa 7/13. Huko Ugiriki, Euklidi alieleza njia kama hiyo katika kitabu cha saba cha Elementi, mnamo mwaka 300 KK. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kukariri vigawo vyovyote. Anayejua kutoa anaweza kupata KKS ya namba zozote mbili.

Kuna tahadhari mbili kwa anayesahihisha. Ya kwanza ni majina. Kigawo na kigawe hutofautiana kwa herufi moja, na KKS hukaa jirani na KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, kinachotumika kujumlisha sehemu. Mwanafunzi aliyechanganya ataandika kwamba KKS ya 36 na 84 ni 252. Kosa hilo linatambulika bila kukokotoa: KKS haiwezi kamwe kuzidi namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Ya pili ni jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu. Katika 16/64 mtoto anaweza kukata 6 ya juu na 6 ya chini, zikabaki 1 na 4, akaandika 1/4. Jibu ni sahihi kabisa, lakini njia haina msingi wowote. Mpe 13/39 akate 3 na 3, ataandika 1/9, ilhali jibu ni 1/3. Bahati ya 16/64 hutokea pia katika 19/95, 26/65 na 49/98, na kwa sehemu ndogo kuliko 1 zenye tarakimu mbili juu na mbili chini hakuna nyingine, ukiacha zile zinazokatwa sifuri kama 10/20. Dawa yake ni kuweka nafasi ya KKS kando ya kila swali katika karatasi ya zoezi. Aliyekata tarakimu hataweza kuandika 16 mahali hapo.

Anayetunga zoezi naye ana kazi yake. Akichagua namba ovyo, atajikuta na sehemu nyingi ambazo tayari hazipunguziki, kwani ukichukua namba mbili bila mpango, takribani mara 6 katika kila 10 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Njia bora ni kuanzia mwisho: chagua jibu, kama 5/8, kisha zidisha juu na chini kwa KKS unayoitaka. Kwa 14 unapata 70/112. Kwa 13 unapata 65/104, ambayo ni ngumu zaidi ingawa namba zake ni ndogo, kwa sababu 13 haijulikani kwa macho. Kisha changanya makusudi sehemu mbili tatu zilizokwisha tayari, kama 8/15 na 27/64. Bila hizo mwanafunzi hujifunza kwamba kila swali lazima lipunguzwe, na akikutana na 27/64 atalazimisha kigawo kisichokuwapo.

Na alama? Aliyeandika 9/21 asipewe kosa sawa na aliyeandika 1/9 kwa 13/39. Wa kwanza ameilinda thamani ila hajafika. Wa pili ameiharibu. Mrudishie wa kwanza daftari lake na swali moja tu: tofauti ya 9 na 21 ni ngapi?

Msomaji aliye na kalamu karibu ajaribu 143/187 na 119/144. Ya kwanza ina tofauti ya 44, ambayo vigawo vyake tasa ni 2 na 11. 11 inazigawanya zote mbili na kuacha 13/17. Ya pili ina tofauti ya 25, ambayo kigawo chake tasa ni 5 peke yake. Hakuna inayoishia na 0 wala 5, kwa hiyo 119/144 inabaki ilivyo.