Je, Wajua? Siku nyingi za tiketi hupita kwenye foleni

Mchoro wa mtiririko limbikizi wa timu ya huduma kwa wateja huwa na mistari mitatu: tiketi zilizopokelewa, zilizoanza kushughulikiwa na zilizofungwa. Pengo la wima kati ya mistari ni idadi ya tiketi. Pengo la mlalo ni takribani muda wake.

Tuseme tiketi 60 ziko wazi, na timu hufunga 12 kwa siku. Kwa kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, 60 ÷ 12 ni wastani wa siku 5 tangu mteja aandike. Ikiwa 48 hazijaguswa, siku 4 ni za foleni. Kazi yenyewe ni siku 1.

Hesabu hii hufaa zinazoingia zikilingana na zinazofungwa. Mistari ikizidi kuachana, wateja wapya watasubiri zaidi.