Hoteli Ikijaa, Fedha Ziko Wapi?

Kati ya Aprili na Juni, Bunge linapokaa kujadili bajeti, vyumba vya kulala huwa adimu Dodoma. Wabunge, maofisa wa wizara na watu wenye shughuli zao bungeni huujaza mji, na meneja wa hoteli akiulizwa hali ya biashara hujibu haraka: "Tumejaa." Jibu hilo humridhisha mwenye hoteli mpaka siku anapofungua daftari la mapato.

Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 40. Jumanne, taasisi iliyoleta washiriki wa semina imechukua vyumba vingi kwa bei ya punguzo. Usiku huo vimelaliwa vyumba 36, na mapato ya vyumba ni shilingi 3,240,000. Alhamisi semina imekwisha. Vimelaliwa vyumba 28 tu, karibu vyote kwa bei ya kawaida, na mapato ni shilingi 3,640,000.

Kiwango cha ujazo hupatikana kwa kugawa vyumba vilivyouzwa kwa vyumba vilivyopo. Jumanne ni asilimia 90, Alhamisi asilimia 70. Wastani wa bei ya chumba ni mapato kugawa kwa vyumba vilivyouzwa: shilingi 90,000 Jumanne, 130,000 Alhamisi. Kipimo kimoja kinaisifu Jumanne, kingine Alhamisi, na kila mmoja kazini anaweza kuchagua kile kinachompendeza. Ndiyo maana watu wa hoteli hutumia kipimo cha tatu, mapato kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimelaliwa au hakikulaliwa. Gawa mapato kwa 40: Jumanne ni 81,000, Alhamisi ni 91,000. Siku iliyoonekana kupoa ndiyo iliyoingiza zaidi, tena ikiwa na mashuka machache ya kufua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi iko kwenye kumbukumbu inayotoka mapokezi. Daftari huandikwa kwa mgeni, ilhali vipimo hivi vinataka usiku. Kampuni ikichukua vyumba 2 kuanzia Jumatatu hadi kuondoka Alhamisi, hizo ni siku 3 za kulala, si 4, kwa kuwa usiku wa Alhamisi hawapo. Mara vyumba 2, ni usiku 6 wa vyumba. Karani akiandika malipo yote siku ya kuwasili, Jumatatu itaonyesha bei ya ajabu, na Jumanne na Jumatano vyumba vitaonekana vimetolewa bure. Dawa yake ni mstari mmoja kwa kila chumba kwa kila usiku, ukiwa na bei ya usiku huo peke yake.

Bei ipi sasa? Si ile iliyo chini ya risiti. Mgeni wa Tanzania Bara akilipa 118,000, na ndani yake imo kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwa asilimia 18, ya hoteli ni 100,000. Kama humo kuna chai ya asubuhi yenye thamani ya 12,000, mapato ya chumba ni 88,000. Hoteli inayoacha vyote ndani itajiona ghali kuliko jirani yake anayevitoa.

Kosa jingine hujitokeza mwisho wa wiki, hesabu zinapojumlishwa. Wengi huchukua 90,000 na 130,000, hugawa kwa mbili na kupata 110,000. Lakini Jumanne iliuza vyumba vingi zaidi kwa bei ya chini, kwa hiyo ina uzito wake. Jumla ya mapato ni 6,880,000 kwa vyumba 64, yaani 107,500. Njia ya kujikagua ipo: ujazo wa siku hizo mbili ni vyumba 64 kati ya 80, asilimia 80, na asilimia 80 ya 107,500 ni 86,000. Gawa 6,880,000 kwa 80 na utapata 86,000 ileile. Njia hizo mbili zikitofautiana, kuna tarakimu iliyokosewa.

Ujanja mwingi umejificha kwenye idadi ya vyumba vilivyopo. Bomba likipasuka na vyumba 4 vikafungwa kwa wiki, meneja anaweza kugawa kwa 36 badala ya 40. Vyumba 27 vilivyouzwa vitampa asilimia 75 badala ya 67.5, na bomba litakuwa limempandishia sifa! Kwa matengenezo ya muda mfupi, vyumba hivyo vibaki kwenye hesabu, la sivyo mwenye mali hataona hasara iliyoletwa na bomba.

Kuna kitu ambacho vipimo vyote vitatu havikioni: semina ile ya Jumanne huenda imelala kwa barua ya ahadi, na malipo yakaja miezi kadhaa baadaye. Kwa hoteli zinazotegemea wageni wa taasisi, daftari la vyumba linahitaji safu moja zaidi, ya tarehe ambayo fedha imeingia benki.