Kwa nini oili ya kawaida hufupisha maisha ya chujio la moshi katika magari ya dizeli mjini Juba

Magari ya dizeli yaliyotumika yanayoingia Juba kutoka Mombasa na Kampala, kupitia mpaka wa Nimule, yanazidi kuja na kifaa ambacho magari ya zamani hayakuwa nacho: chujio la masizi lililofungwa kwenye bomba la moshi. Mafundi hulijua kwa herufi DPF. Chujio hilo linahitaji oili ya injini yenye majivu machache. Likinyimwa oili hiyo, huziba mapema, na kwa kuwa ni sehemu ya bei kubwa, mwenye gari hujikuta akichagua kati ya kulinunua upya na kulitoboa.

Masizi huungua, majivu hubaki

Ndani ya chujio mna vijia vyembamba vingi vya kauri, mfano wa sega la nyuki. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye kuta na kuacha masizi nyuma yake. Masizi yakijaa kiasi, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili joto la moshi lipande hadi karibu nyuzi 600. Masizi huungua na kuwa gesi, na chujio hupata nafasi tena.

Majivu hayana njia hiyo. Anayepika kwa makaa anajua tofauti yake: kaa huisha kwa moto, lakini jivu halichomeki tena, hata moto ukichochewa namna gani. Katika injini, sehemu kubwa ya majivu hutoka kwenye oili. Kila injini hula oili kidogo inayopita kwenye ringi za pistoni na kuungua pamoja na dizeli. Oili yenyewe huungua, lakini viungo vyake vya madini, hasa kalisi, magnesi na zinki, huacha majivu. Upepo wa moshi huyasukuma hadi mwisho wa vijia, yakajikusanya hapo kama kizibo kinachorefuka mwaka hadi mwaka.

Hesabu ya gari moja

Tuseme gari linakula nusu lita ya oili katika kila kilomita 2,500. Katika kilomita 100,000 litakuwa limekula lita 20, yaani takriban kilo 17. Ikiwa ni oili ya kawaida yenye majivu ya asilimia 1.5, kiasi kinachoweza kuelekea kwenye chujio ni kama gramu 260. Ikiwa ni oili ya asilimia 0.6, ni kama gramu 100.

Si majivu yote hufika kwenye chujio, na injini iliyochakaa hula oili nyingi zaidi. Hata hivyo uwiano haubadiliki: mzigo ambao oili ya majivu machache huuleta kwa kilomita 100,000, oili hiyo ya kawaida huuleta kwa kilomita 40,000 tu.

Dereva halioni jambo hili siku ya kubadilisha oili. Injini hunguruma vizuri kama kawaida. Dalili huja baadaye: nafasi ya masizi ikipungua, gari hulazimika kujisafisha mara kwa mara zaidi, dizeli hutumika zaidi, na sehemu ya dizeli hiyo ya ziada huweza kuteremka hadi kwenye oili. Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda badala ya kushuka, hiyo ni ishara ya hatari, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli hailindi vyuma ipasavyo.

Kusoma maandishi ya kopo

Maneno makubwa yaliyo mbele ya kopo hayatoshi. Hata namba kama 5W-30 hueleza uzito wa oili tu, wala haisemi lolote kuhusu majivu. Jibu liko kwenye maandishi madogo ya nyuma.

Kwa magari madogo ya dizeli kutoka Japani, alama inayotafutwa ni JASO DL-1, ambayo kikomo chake cha majivu ni asilimia 0.6. Kwa magari mengi ya Ulaya ni ACEA C3, yenye kikomo cha asilimia 0.8. Malori yenye chujio hutumia API CK-4 au ile iliyoitangulia, CJ-4, ambazo kikomo chake ni asilimia 1. Oili zilizoandikwa API CI-4 au ACEA A3/B4 pekee ni nzuri kwa injini nyingi, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kulinda chujio. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari.

Utata wa dizeli yenye salfa

Hapa ndipo Juba inapotofautiana na miji ambako oili hizi zilibuniwa. Kalisi ile ile inayoacha majivu ndiyo inayoua asidi ndani ya injini, na asidi hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na salfa iliyo katika dizeli. Oili ya majivu machache ina akiba ndogo ya kinga hiyo. Ikikutana na dizeli yenye salfa nyingi, huchoka haraka.

Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi, lakini dizeli nyingi inayouzwa Juba husafirishwa kwa malori kupitia Kenya na Uganda. Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na Sudan Kusini ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2016. Lakini dizeli inayonunuliwa kwenye madumu kando ya barabara wakati wa uhaba haina wa kuithibitisha.

Kwa gari lenye chujio, basi, kurudi kwenye oili ya kawaida si suluhisho. Linalofaa ni kubaki na oili ya majivu machache na kuibadilisha mapema, kwa kufuata kipindi kifupi ambacho kitabu cha gari huweka kwa mazingira magumu. Mara nyingi kipindi hicho ni nusu ya kile cha kawaida.

Kinyume chake pia ni kweli. Land Cruiser nyingi za mashirika ya misaada zenye injini ya 1HZ hazina chujio kabisa. Kuzinunulia oili ya majivu machache ni kuzipunguzia kinga dhidi ya asidi bila faida yoyote. Prado ya dizeli ya lita 2.8 iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2015 inalo chujio. Hilux yenye injini ya ukoo huo iliyotengenezwa kwa soko la Afrika huenda isiwe nalo. Ni lazima kuangalia chini ya gari lenyewe, si jina lake.

Chujio likishaziba

Taa ya chujio ikiwaka, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kuliamuru gari lichome masizi, kisha akapima tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya chujio. Mgandamizo ukishuka, tatizo lilikuwa masizi. Ukibaki juu ilhali masizi yamekwisha, kilichobaki ni majivu, na kuchoma tena na tena ni kupoteza dizeli. Dawa ya kumimina kwenye tangi haiwezi kuyaondoa, kwa kuwa husaidia masizi kuungua tu.

Majivu huondolewa kwa kufungua chujio na kulisafisha kwa hewa au maji kutoka upande wa pili, kinyume na mwelekeo wa moshi. Kauri huvunjika kwa urahisi, hivyo haigongwi kwa nyundo wala kuchokolewa kwa waya. Wanaolitoboa huondoa kizuizi, lakini masizi hurudi hewani, na kompyuta isiyorekebishwa huendelea kumwaga dizeli ili kusafisha chujio ambalo halipo tena.