Chunusi za Kidevuni Zinazofuata Hedhi

Tuseme mwanamke ana miaka 32 na mzunguko wake ni wa siku 28. Kila mwezi, kuanzia kama siku ya 20, huhisi vivimbe vigumu vyenye maumivu chini ya ngozi, kidevuni na kandokando ya taya. Hedhi ikija vinatulia, ila vinaacha madoa meusi yanayokaa miezi. Amebadilisha sabuni mara kadhaa bila nafuu, kwa kuwa kinachovichochea kiko ndani ya mwili.

Mwili wa mwanamke hutengeneza androjeni kidogo, homoni ambazo wanaume wanazo kwa wingi. Hizo ndizo huzichochea tezi za mafuta ya ngozi, huku estrojeni ikizituliza. Siku za mwisho kabla ya hedhi, estrojeni na projesteroni hushuka, lakini androjeni hazishuki kwa kiasi hicho, hivyo nguvu yake huonekana zaidi. Mafuta huongezeka, vitundu vya vinyweleo huziba na ngozi huvimba, hasa kidevuni na kwenye taya. Mara nyingi vipimo vya damu huwa vya kawaida, kwa sababu tatizo ni wepesi wa tezi kuitikia homoni, si wingi wa homoni.

Kwa hiyo kupaka dawa juu ya kipele kilichokwisha kutokea ni kuchelewa. Adapaleni ya asilimia 0.1 hupakwa sehemu yote inayoshambuliwa, kila usiku, mwezi mzima. Anza usiku mmoja na kuruka mmoja, maana hukausha ngozi, na usiitumie ukiwa mjamzito. Matokeo yapimwe baada ya wiki 12.

Isipotosha, daktari huangalia njia ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni na projestini pamoja hupunguza chunusi za aina hii. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi vina projestini peke yake, na kwa baadhi ya wanawake huzizidisha. Hata hivyo, vidonge vya estrojeni havimfai mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu, wala mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35.

Dawa nyingine ni spironolaktoni, inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa moyo na shinikizo. Huzuia androjeni zisizifikie tezi. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 50 kwa siku, ikapandishwa hadi 100, na huhitaji miezi mitatu au zaidi. Inaweza kuvuruga hedhi, na kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni, anayeitumia lazima azuie mimba.

Krimu za kung'arisha zenye steroidi zisitumike kufuta madoa, kwani zenyewe huleta chunusi. Na kama hedhi huchelewa kupita siku 35, au nywele nene zinaota kidevuni, mwambie daktari kabla ya dawa yoyote, ili achunguze ovari na homoni zako.