Kibumba: barua ya kurekebisha konti ya kikundi

Vita ya 2022 ilisukuma watu wengi wa Kibumba hadi Kanyaruchinya. Kikundi cha akiba kinaweza kupoteza hivyo watu wake wa kusaini. Mutunza feza akiomba peke yake jina na saini vibadilishwe, banki kwa kawaida inakataa, na iko na haki: mwizi pia angeandika vile. Barua itaje namba ya konti, jina lenye kosa, na jina sahihi kama liko kwenye sheria za kikundi. Iambatane na PV ya mkutano mkuu, inayosema nani anatoka na nani anaingia. Wapya wafike wenyewe na kadi ya uchaguzi. Ngumu zaidi ni konti yenye jina la mtu: akifa, banki inajua warithi wake tu.